Kampuni Ndogo Inapozidiwa na Madeni: Je, Itafika Mwakani?

Taarifa za fedha za mwaka huandaliwa kwa kuchukulia kwamba kampuni itaendelea kufanya kazi. Kwa sababu hiyo mashine ya kiwandani huandikwa kwa gharama iliyonunuliwa, ikipunguzwa uchakavu wa kila mwaka, na haiandikwi kwa bei ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu angeitoa. Kwa sababu hiyohiyo karatasi iliyoko bohari huhesabiwa kuwa bidhaa ya kesho, na deni la mteja huhesabiwa kuwa pesa itakayokuja kwa wakati wake. Kampuni ikiwa iko karibu kufunga milango, hesabu zote hizo hubadilika. Ndiyo maana kabla ya kusaini taarifa za mwaka lazima swali moja lijibiwe: je, msingi wa kuendelea na biashara bado unasimama?

Wa kwanza kulijibu ni wakurugenzi wa kampuni wenyewe, kisha mkaguzi hulipima jibu lao. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, vikiwemo vile vilivyotungwa kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati ambavyo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi inaviruhusu nchini Tanzania, vinawataka wakurugenzi watazame angalau miezi 12 kuanzia tarehe ya mwisho wa mwaka wa hesabu. Mkaguzi kwa upande wake huongozwa na kiwango namba 570. Toleo jipya la kiwango hicho, litakalotumika kwa miaka ya hesabu inayoanza tarehe 15 Desemba 2026 au baadaye, linasogeza mwanzo wa miezi hiyo 12 hadi tarehe taarifa zinapoidhinishwa. Tofauti hiyo si ndogo. Kampuni inayofunga mwaka Desemba na kusaini taarifa zake mwishoni mwa Aprili hubakiwa na miezi 8 tu ya kutazama mbele ikihesabu kwa utaratibu wa zamani, na shida inayojulikana kuwa itakuja mwezi wa 9 haiwi ndogo kwa sababu kalenda imeishia pale.

Katika kampuni kubwa tathmini hii huwa na nyaraka nyingi: mikataba ya mikopo, taarifa za soko la hisa, ripoti za washauri. Kampuni ndogo haina hayo. Mara nyingi mkononi kuna vitu viwili tu vyenye uzito, navyo vinatosha vikisomwa vizuri. Cha kwanza ni makisio ya fedha taslimu, yaani jedwali linaloonyesha pesa zitakazoingia na kutoka mwezi hadi mwezi. Cha pili ni orodha ya wadai ikiwa imepangwa kwa umri wa madeni. Makisio huandikwa na mtu anayetaka kampuni iishi, kwa hiyo hubeba matumaini yake. Orodha ya wadai imejiandika yenyewe kwa miezi mingi, ankara baada ya ankara, na inaonyesha kampuni imekuwa ikiishi kwa pesa ya nani. Kazi yenyewe ya tathmini ni kuvisoma pamoja, kimoja kikikaguliwa kwa kingine.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila kila kipande chake ni cha kawaida. Kampuni ya uchapaji Dar es Salaam ina wafanyakazi 20 hivi. Inachapa vitabu vya mazoezi, ripoti, kalenda na fomu kwa shule, wachapishaji wadogo na taasisi chache za umma. Mwaka wake wa hesabu uliisha tarehe 31 Desemba 2024, nayo taarifa ya mapato inaonyesha faida ndogo ya shilingi milioni 11. Tathmini inafanyika mwishoni mwa Machi 2025. Akaunti ya benki iko chini ya sifuri kwa milioni 6, na benki imeruhusu ovadrafti hadi milioni 25 kwa makubaliano yanayokwisha tarehe 31 Julai. Tarakimu zote zinazofuata ni mamilioni ya shilingi.

Kazi huanzia kwenye madeni, kwa sababu makisio yasiyojua madeni hayapimiki. Leja ya kampuni inasema wadai wote wanadai 186. Kabla ya kuiamini namba hiyo, mkaguzi huomba taarifa za akaunti kutoka kwa wadai wakubwa wenyewe na kuzilinganisha na leja. Kampuni yenye shida huwa na droo ya ankara ambazo hazijaingizwa vitabuni, wakati mwingine kwa sababu mhasibu hakupata muda, wakati mwingine kwa sababu hakuna aliyetaka kuziona. Pia huwa na hundi zilizoandikwa na kutolewa kwenye hesabu ya benki ilhali bado zimelala mezani kwa meneja zikisubiri pesa. Hundi hiyo haijalipa chochote. Deni lake linarudishwa kwenye orodha, na salio la benki linarekebishwa.

Kisha umri unahesabiwa. Kosa linalojirudia ni kuhesabu siku kuanzia tarehe ya ankara kwa mdai mmoja na kuanzia tarehe ya kustahili kulipwa kwa mwingine, kwa kuwa programu ya hesabu imepangwa hivyo. Linalotakiwa ni siku zilizopita tangu deni lilipostahili kulipwa, kwa wadai wote sawasawa. Katika mfano huu, baada ya kusafisha orodha, 38 bado hazijafikia tarehe yake. Zilizopitiliza siku 30 au chini ya hapo ni 24, za siku 31 hadi 60 ni 29, za siku 61 hadi 90 ni 31, na zilizozidi siku 90 ni 64. Kwa maneno mengine 148 kati ya 186, karibu nne ya tano ya deni lote, limepitwa na wakati. Mwishoni mwa mwaka 2023 malimbikizo yalikuwa 31 tu kati ya 120.

Namba hizo mbili za malimbikizo, 31 na 148, zikiwekwa jirani zinasema jambo ambalo taarifa ya mapato haikulisema. Ndani ya miezi 15 kampuni imepata 117 kutoka kwa watu ambao hawakukubali kuikopesha. Faida ya milioni 11 iliyoandikwa vitabuni inawezekana kabisa kuwa sahihi, maana mauzo huandikwa ankara inapotoka, si pesa inapoingia. Lakini mishahara na mafuta ya gari havikulipwa kwa faida hiyo. Vililipwa kwa kutowalipa wengine.

Mgawanyo wa deni kwa majina ya wadai una habari zaidi kuliko jumla yake. Muuza karatasi anadai 82, na kati ya hizo 66 zimepitiliza. Mamlaka ya Mapato inadai 41, zilizopitiliza zikiwa 35. Mfuko wa NSSF unadai 18, zilizopitiliza 14. Mwenye jengo anadai 15 za pango, zote zimepitiliza, na kwa kuwa pango ni 3 kwa mwezi hiyo ni miezi 5 mizima. Muuza wino na sahani za uchapaji anadai 14, lakini zilizopitiliza ni 4 tu. Wadai wengine wadogo wadogo wanadai 16, karibu zote zikiwa zimepitwa na wakati. Umeme haumo kabisa, kwa sababu kampuni hutumia LUKU na tokeni hununuliwa kabla ya mashine kuwashwa.

Ukiutazama mgawanyo huo unaona jinsi meneja alivyokuwa akichagua. Anayeweza kusimamisha kazi kesho asubuhi analipwa kwanza: umeme, wino, mishahara. Asiyepiga simu kila siku anasubiri. Muuza karatasi alivumilia kwa sababu ni mdai wa miaka mingi na kampuni ni mteja wake mkubwa. Manunuzi ya karatasi ya mwaka mzima ni 246, kwa hiyo deni la 82 ni theluthi ya mwaka, siku 122 hivi, wakati masharti ya mali kauli yalikuwa siku 30. Mamlaka ya Mapato na NSSF ndio wanaonyamaza kwa muda mrefu kuliko wote, na hapo ndipo hatari kubwa inapojificha. Kodi ya mishahara hukatwa kwa mfanyakazi na hutakiwa kupelekwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Michango ya NSSF nayo ina sehemu iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu. Pesa hizo hazikuwa za kampuni hata siku moja. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, hudaiwa kwa ankara iliyotolewa hata kama mteja hajalipa, basi kampuni inayouza kwa taasisi zinazochelewa kulipa hujikuta inadaiwa kodi ya pesa ambayo haijaiona. Riba na adhabu huendelea kuongezeka, na siku Mamlaka inapochoka kusubiri ina uwezo wa kisheria wa kuiagiza benki itoe pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya mdaiwa. Barua moja ya namna hiyo inaweza kuisimamisha kampuni ambayo ilikuwa inajikongoja vizuri hadi jana yake.

Dalili nyingine iko kwenye daftari la malipo. Kampuni yenye afya hulipa kiasi kilichoandikwa kwenye ankara, pamoja na senti zake. Kampuni iliyobanwa hulipa tarakimu za mviringo: milioni 2 leo, milioni 1 na nusu wiki ijayo, bila kutaja ankara ipi inalipiwa. Malipo ya namna hiyo yakianza kuwa ndiyo mtindo, maana yake si utaratibu tena, ni kumtuliza mdai. Barua nazo zisomwe: hati ya mwanasheria, taarifa ya mwenye jengo, ujumbe wa muuza karatasi. Katika mfano huu muuza karatasi aliandika katikati ya Machi kwamba kuanzia Aprili karatasi itauzwa kwa taslimu tu, na kwamba deni la zamani lote lilipwe kwa awamu za 6 kila mwezi. Mwenye jengo naye ametoa taarifa ya kutaka 5 kila mwezi kwa miezi mitatu juu ya pango la kawaida, vinginevyo atafunga ofisi.

Hapo ndipo makisio yanapofunguliwa. Yale yaliyoletwa na meneja yanahusu miezi 12, lakini miezi mitatu ya kwanza inatosha kuonyesha yalivyojengwa. Kwa Aprili, Mei na Juni anatarajia kukusanya 58, 60 na 61. Anatarajia kulipa 55, 54 na 54, ndani yake karatasi ikiwa 17 kwa mwezi, mishahara 14, kodi na michango ya mwezi husika 9, pango 3, rejesho la mkopo wa benki 4, na mengineyo kiasi kinachobaki. Kwa hesabu yake akaunti inayoanza ikiwa chini ya sifuri kwa 6 inapanda hadi chini ya sifuri kwa 3 mwishoni mwa Aprili, kisha juu ya sifuri kwa 3 mwezi Mei, na Juni inafunga ikiwa na 10. Ovadrafti haihitajiki tena. Kujumlisha kwake hakuna kosa hata moja.

Kasoro iko kwenye vitu viwili ambavyo jedwali halikuviuliza. Cha kwanza ni kasi ya makusanyo. Meneja amechukulia kuwa kila ankara italipwa ndani ya siku 30, kama ilivyoandikwa chini ya ankara. Njia ya kulijaribu hilo ni rahisi na haihitaji utaalamu mkubwa: huchukuliwa ankara za miezi 12 iliyopita, na kwa kila moja huhesabiwa siku kati ya tarehe ya kutolewa na tarehe pesa ilipoingia benki. Kwa kampuni hii wastani ni siku 75. Kisha makisio ya mwaka jana hutolewa kabatini na kulinganishwa na kilichotokea kweli. Mtu aliyekosea kwa asilimia 25 kuelekea upande wa matumaini mwaka jana atakosea kuelekea upande uleule mwaka huu. Msimu nao una neno lake. Shule Tanzania hufungua mwaka Januari, kwa hiyo kazi za vitabu vya mazoezi hujaa kuanzia Oktoba, na miezi ya Aprili hadi Agosti huwa mikavu. Meneja ameugawa mwaka sawasawa. Ukizipanga ankara zilizokwisha kutolewa kwa kasi halisi ya ulipaji, pamoja na kazi zilizo na oda mkononi tu, makusanyo yanakuwa 44 Aprili, 41 Mei na 47 Juni.

Cha pili ni malimbikizo yenyewe. Orodha ya matumizi ya meneja imelipa gharama za mbele tu, kana kwamba zile 148 ni za kampuni nyingine. Hili ndilo pengo linaloonekana mara nyingi kuliko yote katika makisio ya kampuni ndogo, na haliwezi kuonekana mpaka orodha ya wadai iwekwe pembeni ya jedwali. Kila mdai wa zamani huulizwa swali lake: atalipwa lini, na nini kitatokea asipolipwa? Kwa muuza karatasi jibu limeshaandikwa, 6 kwa mwezi. Kwa mwenye jengo ni 5. Malimbikizo ya kodi yakiombewa ruhusa ya kulipwa kwa awamu kwa mwaka mmoja ni 3 hivi kwa mwezi, na ya NSSF ni 2. Jumla ni 16 kila mwezi juu ya matumizi ya kawaida. Wadai wadogo wameachwa hapa bila ratiba. Si kwamba hawadai, ila hakuna mmoja wao anayeweza kuisimamisha kampuni peke yake ndani ya miezi mitatu.

Matumizi sasa ni 71 Aprili, 70 Mei na 70 Juni. Kwa makusanyo yale halisi, akaunti inakuwa chini ya sifuri kwa 33 mwishoni mwa Aprili, 62 mwishoni mwa Mei na 85 mwishoni mwa Juni. Kikomo cha ovadrafti ni 25. Kampuni inakipita mwezi wa kwanza kabisa, na ifikapo Juni upungufu ni 60.

Tofauti kati ya picha mbili hizi, ile ya 10 juu ya sifuri na hii ya 85 chini yake, ni 95. Kati ya hizo, 47 zimetokana na wateja kuchelewa na 48 zimetokana na malimbikizo kuingizwa. Ni vizuri kuzitenganisha, kwa sababu zinadai tiba tofauti. Na kuna jaribio moja zaidi ambalo halifai kurukwa: malimbikizo yote yangesamehewa leo, kampuni ingefikia wapi? Akaunti ingekuwa chini ya sifuri kwa 37 mwishoni mwa Juni, bado nje ya kikomo. Yaani katika miezi mikavu biashara yenyewe haizalishi pesa ya kujilipia. Kuwaomba wadai wa zamani wasubiri hakutoshi; lazima pesa mpya iingie, au matumizi yashuke, au wateja walipe upesi.

Makisio ya mwezi pia huficha katikati ya mwezi. Kodi ya mishahara hutakiwa tarehe 7, ongezeko la thamani tarehe 20, mishahara siku za mwisho, wakati taasisi nyingi hulipa mwezi unapoelekea ukingoni. Kampuni inayomaliza mwezi ikiwa ndani ya kikomo kwa milioni 1 huenda ilikuwa nje ya kikomo tarehe 21. Kwa sababu hiyo, shaka inapokuwa nzito, jedwali la wiki 13 zinazofuata huandaliwa wiki kwa wiki, kila malipo yakiwekwa kwenye wiki yake. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa kampuni ya ukubwa huu, na mara nyingi ndiyo inayoonyesha wiki hasa ambayo mishahara itakosekana.

Baada ya hapo wakurugenzi husikilizwa, maana upungufu kwenye jedwali bado si hukumu. Huulizwa wana mpango gani, na kila mpango hupimwa kwa maswali mawili: unawezekana, na utatosha? Katika mfano huu wana mipango minne. Mmiliki ataongeza mtaji wa 40 kwa kuuza kiwanja chake. Mashine ya pili ya kuchapia itauzwa kwa 30. Mwenye jengo ataombwa apunguze awamu. Na taasisi moja inayodaiwa 30, ambayo kwa kasi yake ya kawaida ingelipa Agosti, itafuatiliwa ilipe Mei.

Kiwanja hakijapata mnunuzi. Barua ya mmiliki ya kuahidi kuisaidia kampuni inaonyesha nia, lakini nia bila uwezo haihesabiki. Mkaguzi huomba kuona pesa au mali iliyo tayari kugeuzwa pesa kwa wakati unaotakiwa. Mmiliki ana 20 kwenye akaunti yake na amezihamishia kampuni wakati tathmini ikiendelea. Hizo zinahesabiwa, 20 nyingine haziingii. Mashine nayo, ikipekuliwa kwenye kumbukumbu za dhamana za kampuni kwa Msajili, yaani BRELA, inaonekana imewekwa rehani kwa mkopo uleule wa benki. Ikiuzwa, pesa itaenda benki, na itahitaji ridhaa ya benki kwanza. Mpango huo unaondolewa. Mwenye jengo amekubali kwa maandishi kupokea 2 badala ya 5 kwa mwezi. Kuhusu taasisi, ankara zake zimeidhinishwa na kazi imepokelewa bila malalamiko, kwa hiyo malipo ya Mei yanawezekana, ingawa hakuna anayeweza kuyathibitisha.

Hesabu inarudiwa. Aprili inafunga chini ya sifuri kwa 10. Mei, taasisi ikilipa, inafunga chini ya sifuri kwa 6. Juni, mwezi ambao pesa mpya imekwisha na kazi bado ni chache, inafunga chini ya sifuri kwa 26, milioni 1 nje ya kikomo. Taasisi isipolipa Mei, mwezi huohuo unafunga chini ya sifuri kwa 36 na hundi zinaanza kurudi. Na hata Juni ikipita salama, Julai 31 benki inaamua kama ovadrafti itaendelea. Benki ikiikata, hakuna mpango wowote kati ya ile minne unaoweza kuijaza nafasi yake.

Kumtegemea mteja mmoja kiasi hicho si jambo dogo Afrika Mashariki. Uchumi ilipofunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, na Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, miongoni mwa walioachwa na ankara mkononi walikuwa wagavi wadogo. Kwa hiyo deni la mteja mkubwa halipimwi kwa ukubwa wa jina lake. Hupimwa kwa jinsi anavyowalipa wengine sasa hivi, jambo ambalo wagavi wenzake hulijua mapema kuliko mtu yeyote.

Sasa uamuzi. Kuna matokeo matatu, na yanachanganywa mno. Kampuni ikiwa na njia ya wazi ya kulipa madeni yake, taarifa hutolewa kawaida. Ikiwa wakurugenzi wameamua kuifunga, au hawana njia nyingine ya maana isipokuwa kuifunga, msingi wa kuendelea na biashara hautumiki tena. Katikati ya hayo mawili kuna hali ambayo kampuni ina mpango wa kweli lakini mpango huo unategemea mambo yaliyo nje ya mkono wake. Hapo msingi wa kuendelea na biashara unabaki, ila taarifa lazima ziseme wazi kwamba kuna mashaka makubwa. Kampuni ya mfano iko hapo. Ina oda za msimu, ina makubaliano ya maandishi na mwenye jengo, mmiliki ameweka pesa. Lakini inasimama kwa malipo ya mteja mmoja na uamuzi wa benki moja.

Maelezo yanayoandikwa kwenye taarifa hayatakiwi kuwa ya jumla. Kuandika kwamba hali ya uchumi ni ngumu na wakurugenzi wana imani hakumsaidii msomaji. Maelezo yanayofaa yanataja kuwa malimbikizo ya wadai ni 148 kufikia 31 Machi 2025. Kwamba makisio yanaonyesha kikomo cha ovadrafti kitafikiwa mwezi Juni. Kwamba ovadrafti inahitaji kuhuishwa tarehe 31 Julai na benki haijatoa ahadi. Kwamba ruhusa ya kulipa malimbikizo ya kodi kwa awamu imeombwa na bado haijajibiwa. Na kwamba mambo hayo yanatia shaka kubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wakurugenzi huiogopa na kuomba ilainishwe. Hofu yao inaeleweka, kwa sababu muuza karatasi na benki wataisoma. Lakini hao tayari wanajua wanachodai, na anayesoma taarifa iliyolainishwa ni yule mdai mpya anayefikiria kutoa mali kauli kesho.

Maelezo yakiwa kamili, mkaguzi hutoa hati inayoridhisha na kuongeza aya yenye kichwa chake inayomwelekeza msomaji kwenye mashaka hayo. Aya hiyo haibadilishi hati kuwa yenye shaka. Wafanyabiashara wengi huchanganya mambo haya mawili. Hati hubadilika pale wakurugenzi wanapokataa kuandika maelezo ya kutosha: hapo hutolewa hati yenye shaka au isiyoridhisha, kulingana na uzito wa kilichofichwa. Na ikiwa msingi wenyewe wa kuendelea na biashara si sahihi lakini taarifa zimeandaliwa kwa msingi huo, hati huwa isiyoridhisha hata kama maelezo yameandikwa.

Tathmini haiishi siku jedwali linapokamilika. Kuanzia hapo hadi siku ya kusaini, pesa iliyoingia kweli hulinganishwa na makisio kila wiki, na orodha ya wadai hupangwa upya. Taarifa zikisainiwa mwishoni mwa Aprili, makusanyo ya Aprili yatakuwa yamejulikana. Yakiwa 44 au karibu na hapo, makisio yameonyesha kuwa yanaaminika. Yakiwa 35, miezi inayofuata huandikwa upya kabla ya mtu yeyote kuweka sahihi. Ikitokea katika wiki hizo mwenye jengo amefunga milango kwa kufuli, au benki imeagizwa na Mamlaka ya Mapato kutoa pesa zilizopo, kampuni inaweza kuvuka kutoka hali ya katikati kwenda ile ya kufungwa. Hapo taarifa huandaliwa upya: mashine na akiba ya karatasi hushushwa hadi thamani inayoweza kupatikana sokoni, mkopo wa benki wote huhesabiwa kuwa unadaiwa sasa ikiwa mkataba unaruhusu hivyo, na maelezo hueleza msingi uliotumika na sababu ya kuuacha ule wa kawaida.